Kiwango Ambacho Figo Haliwezi Kukipita

Kila saa, figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 7.5 za majimaji kutoka kwenye damu. Majimaji ya damu yote mwilini ni kama lita 3 tu, kwa hiyo kama yaliyochujwa yasingerudishwa, yangekwisha ndani ya nusu saa. Vichujio vyenyewe havichagui sana. Huzuia chembe za damu na protini kubwa, lakini maji, chumvi, glukosi, asidi amino na bikaboneti hupita pamoja. Kazi ya kuchagua kipi kirudi hufanywa na mirija inayopokea majimaji hayo, hasa sehemu yake ya mwanzo.

Kinachoendesha kazi hiyo ni sodiamu. Ukuta wa mrija umejengwa kwa seli, na upande wa seli unaoelekea damu una pampu zinazotumia nishati bila kupumzika: kila mara hutoa ayoni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Sodiamu ikipungua ndani ya seli, ile iliyomo kwenye mrija husukumwa kuingia. Lakini protini zilizo mlangoni, tuziite wachukuzi, haziipitishi peke yake. Mchukuzi anayeitwa SGLT2 huingiza sodiamu ikiwa imeshikana na glukosi, kisha glukosi hutokea upande wa pili na kurudi kwenye damu. Asidi amino nazo zina wachukuzi wao wa namna hiyo, na karibu zote huokolewa hapa. Sodiamu yenyewe hurudi kwa theluthi mbili, na maji huifuata.

Bikaboneti, inayozuia damu isiwe na asidi nyingi, hurudi kwa njia ya kuzunguka. Sodiamu inapoingia, seli hutoa ayoni ya haidrojeni kwa kubadilishana. Haidrojeni hiyo hukutana na bikaboneti ndani ya mrija, zikawa maji na kaboni dioksaidi. Kaboni dioksaidi hupenya ndani ya seli, na huko bikaboneti huundwa upya na kupelekwa kwenye damu. Sehemu kubwa yake, kama asilimia 80 au zaidi, huokolewa hivyo.

Sasa tuifuate glukosi kwa hesabu. Mtu mwenye sukari ya 5 kwenye kipimo cha damu, yaani milimoli 5 kwa lita, ana gramu 0.9 za glukosi katika kila lita. Kwa lita 7.5, gramu 6.75 huingia kwenye mirija kila saa. Wachukuzi wote kwa pamoja huweza kurudisha takriban gramu 22.5 kwa saa, basi hakuna kinachobaki. Sukari ikipanda hadi 20, zinaingia gramu 27. Gramu 4.5 hukosa mchukuzi na kwenda na mkojo, na kwa siku nzima hiyo ni zaidi ya gramu 100. Glukosi hiyo huyazuia maji yasirudi. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari hukojoa sana, huwa na kiu isiyokatika na hupungua uzito.

Msomaji makini ataona jambo moja. Kwa hesabu hii sukari ingeanza kuonekana kwenye mkojo damu ikikaribia 17, ilhali kwa kawaida huanza ikifika kama 10. Sababu ni kwamba kila figo lina vichujio vipatavyo milioni moja, kila kimoja na mrija wake, na havilingani. Mrija wenye wachukuzi wachache unaopokea majimaji mengi huzidiwa mapema, wakati jirani yake bado ana nafasi.

Hapa ndipo kipimo cha mkojo huwapotosha wengi. Kisukari hutambuliwa hata kwa sukari ya 7 mtu akiwa amefunga kula, kiwango ambacho mirija hukimudu bila shida. Kwa hiyo mkojo usio na sukari hauthibitishi kwamba mtu hana kisukari.

Kinyume chake pia hutokea. Mjamzito huweza kuwa na sukari kwenye mkojo huku damu yake ikiwa sawa, kwa kuwa figo zake huchuja zaidi, ingawa bado apimwe damu. Anayetumia dapagliflozini ataikuta daima, kwa sababu dawa hiyo humzuia SGLT2 makusudi ili sukari itoke.

Lililo zito zaidi ni mrija wenyewe kuumia. Tenofovir, dawa ya VVU inayotumiwa sana Afrika Mashariki, huweza kuleta hali hiyo kwa watu wachache. Hapo sukari hutoka pamoja na asidi amino, bikaboneti na fosfeti, damu huongezeka asidi, na mifupa huanza kuuma na kudhoofika. Kwa mgonjwa wa aina hii, sukari ikionekana kwenye mkojo na kukosekana kwa wingi kwenye damu, daktari hupima kreatinini, fosfeti na bikaboneti mara moja, na ikibidi humbadilishia dawa badala ya kumwacha aisimamishe mwenyewe.