Mapigo ya moyo: kila mama ajue mipaka yake mwenyewe

Sisi wa Beni na Butembo hatujasahau miaka ya Ebola. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 hatukuvuka kizuizi cha barabarani, wala kuingia kanisani au sokoni, bila kunawa mikono na kupimwa joto kwenye paji la uso. Kipimo kilikuwa kimoja kwa watu wote: ukiwa chini ya namba fulani unapita, ukiwa juu yake unawekwa kando. Kwa joto la mwili hilo linafaa, kwa sababu joto la watu wazima halitofautiani sana.

Mapigo ya moyo ni jambo lingine. Tunafundishwa kwamba mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na ni kweli. Lakini hiyo ni nafasi kubwa mno. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitoa hesabu za watu zaidi ya 92,000 waliovaa saa zinazopima mapigo mchana na usiku. Kulikuwa na mtu ambaye wastani wake ulikuwa 40 na mwingine 109. Lakini mtu mmoja mmoja, akifuatwa siku kwa siku, kwa kawaida hakutoka sana kwenye namba zake mwenyewe.

Maana yake ni hii: 84 inaweza kuwa kawaida kabisa kwa jirani yako, na kwako wewe ikawa dalili kwamba mwili unapambana na kitu. Huwezi kujua kama hujui namba zako za siku za uzima. Kuzipata hakuhitaji mashine. Kunahitaji saa, kaye, kalamu na wiki nne.

Namna ya kuhesabu

Hesabu asubuhi, unapoamka, kabla hujasimama, kabla ya chai na kabla ya kuwasha moto. Ukiwa bado umelala chali, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba cha mkono huo. Usitumie kidole gumba kupima, kwa sababu nacho kina mapigo yake na utayachanganya.

Tazama saa ya simu, uhesabu dakika moja nzima. Wengine wanahesabu sekunde 15 kisha wanazidisha mara 4. Hapo ukikosea pigo moja tu, umekosea manne kwenye kaye, na tutaona kwamba manne ni mengi. Andika tarehe, namba, na neno moja kama kuna jambo: mtoto alilia usiku, mafua, milio ya risasi, safari.

Kama mtoto amekuamsha ukasimama, au umekwisha beba bidoni ya maji, rudi ulale dakika 10 ndipo uhesabu. Ikishindikana, acha siku hiyo, uongeze siku moja mwishoni.

Kwa nini wiki nne

Hapa tutafuata kaye ya mama mmoja wa kikundi chetu cha Butembo, muuza mboga, ambaye ametukubalia tuonyeshe namba zake bila jina. Alianza siku ya kwanza ya damu yake ya mwezi:

Wiki ya 1: 68, 69, 67, 70, 68, 69, 66
Wiki ya 2: 67, 69, 68, 70, 68, 71, 69
Wiki ya 3: 70, 72, 69, 71, 73, 70, 72
Wiki ya 4: 73, 71, 74, 72, 73, 71, 70

Tazameni wiki ya 3 na ya 4. Mapigo yamepanda kidogo, na mama huyu hakuwa mgonjwa. Yai linapokwisha kutoka, karibu katikati ya mwezi wa mwanamke, mwili unatoa homoni inayopandisha joto kidogo na kuharakisha moyo, mara nyingi kwa mapigo mawili hadi manne. Damu inapokaribia, yanashuka tena. Ndiyo sababu kwetu wanawake wiki mbili hazitoshi. Wiki nne zinachukua mzunguko karibu wote, siku za chini na siku za juu. Mama asiyepata damu tena naye ahesabu wiki nne, maana mwezi mmoja una siku za soko, za shamba na za mapumziko.

Hesabu yenyewe

Anayeweza kutunza kaye ya likelemba anaweza hesabu hii. Kwanza ni wastani. Jumlisha namba zote 28. Za mama huyu zilifika 1960. Gawa kwa 28: unapata 70. Hapo ndipo katikati yake.

Lakini wastani peke yake hausemi kitu kuhusu kesho. Akiamka na 73, je, ni mbali na 70 au ni karibu? Inategemea namba zake zimezoea kutawanyika kiasi gani. Kwa hiyo hatua ya pili ni kupima mtawanyiko. Kando ya kila namba andika umbali wake kutoka 70, bila kujali kama iko juu au chini. Penye 68 andika 2. Penye 73 andika 3. Penye 70 andika 0. Mama yetu alijumlisha umbali wote akapata 46. Akagawa kwa 28, kalkuleta ya simu ikaonyesha 1.64. Yaani kwa kawaida namba yake iko umbali wa pigo moja na nusu hivi kutoka katikati.

Hatua ya tatu: zidisha umbali huo kwa 2.5. Anapata 4.1, tuseme 4. Toa 4 kwenye 70, kisha ongeza 4 kwenye 70. Mipaka yake ni 66 hadi 74.

Hiyo 2.5 haikutoka hewani. Wanaotumia hesabu kubwa wana kipimo chao cha mtawanyiko, nao huhesabu viwili vya kipimo hicho kila upande. Ukizidisha umbali wa kawaida kwa 2.5, unafika karibu palepale bila kutafuta kipeo. Namba zikitawanyika kwa namna ya kawaida, mipaka hiyo inashika kama siku 19 kwa kila 20.

Sasa tuone kama mama huyu angeacha baada ya wiki mbili tu. Wastani ungekuwa 68.5, na mipaka yake karibu 66 hadi 71. Katika siku 14 zilizofuata, siku 7 zingevuka mpaka wa juu. Angejiona mgonjwa wiki nzima, kumbe ni mwezi wake unakwenda sawasawa.

Siku namba ilipotoka nje

Wiki ya tano aliamka na 69, kesho yake 70. Siku ya tatu akapata 78. Hakuhisi kitu. Alipumzika dakika 10, akahesabu tena: 77. Akaandika, akaenda sokoni. Asubuhi iliyofuata alipata 82, na kichwa kilianza kumgonga. Hakungoja tena. Alikwenda kituo cha afya, wakampima joto, wakamtoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, na malaria ilikuwepo. Alianza dawa siku ileile.

Angetumia kipimo cha watu wote, cha 60 hadi 100, angeambiwa 82 ni nzuri. Kwake yeye ilikuwa 8 juu ya mpaka. Homa hufanya hivyo: kila joto linapopanda digrii moja, moyo huongeza karibu mapigo 10.

Lakini tuelewane vizuri: kaye haikusema malaria. Ilisema tu kwamba mwili haukuwa kama siku zake nyingine. Kipimo cha kituo ndicho kilichosema malaria. Usiku bila usingizi, hofu, pombe, kukosa maji mwilini au upungufu wa damu vinaweza kutoa namba ileile.

Kwa hiyo kikundi chetu kimekubaliana hivi. Siku moja nje ya mipaka, pumzika, rudia kuhesabu, kisha angalia kesho, maana siku moja kwa 20 hutoka bure. Asubuhi mbili zikifuatana nje, tafuta sababu: tazama neno ulioandika kando, pima joto, ulizia kwenye kituo. Na ukijisikia mgonjwa, usingoje asubuhi ya pili, hata kama namba iko ndani ya mipaka. Namba nzuri haimzuii mgonjwa kwenda kutibiwa.

Kuna mambo ambayo hayangoji kaye kabisa: mapigo zaidi ya 100 ukiwa umetulia na bado hayashuki, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzimia, damu nyingi baada ya kujifungua, na homa kwa mama mwenye mimba. Hapo nenda mara moja.

Mipaka haidumu milele

Siku ya ugonjwa usiiingize kwenye hesabu ya mipaka. Mama yetu angechanganya 78 na 82 na zile nyingine, mipaka ingepanuka, na malaria ya kesho ingejificha ndani yake. Lakini usifute namba kwa sababu tu imekuudhi. Futa ile tu yenye sababu uliyoandika siku ileile.

Mwili ukibadilika, anza upya. Mimba hupandisha mapigo polepole, na kufika miezi ya mwisho yanaweza kuzidi kwa 10 hadi 20, kwa hiyo mipaka ya zamani haifai tena. Dawa nyingine za presha huyashusha. Aliyetoka Beni kwenye joto akahamia Butembo kwenye baridi ya milima, hasa aliyekimbia usiku na watoto, asijipime kwa mipaka ya kule. Alale kwanza, akae siku kadhaa, kisha aanze wiki nne mpya.

Na namba hizi ni za watu wazima. Moyo wa mtoto hupiga haraka zaidi ya wetu, na wa mchanga haraka zaidi tena. Mipaka ya mama isitumiwe kwa mtoto wake.

Mama anayeanza hesabu wiki hii aandike juu ya ukurasa wa kwanza tarehe ya mwanzo wa damu yake ya mwisho. Wiki nne zikiisha, alete kaye kwenye kikao. Tutagawa na kuzidisha pamoja, na kila mmoja atarudi nyumbani na namba zake mbili zimeandikwa ndani ya jalada, mahali ambapo hata binti yake anaweza kuziona haraka.