Hereni Nzito na Tundu Linaloshuka

Tazama hereni mbili za duara mezani kwa muuzaji. Zote zina upana wa sentimita 4, zote zimepakwa rangi ileile ya dhahabu. Moja imekatwa kwenye bamba la shaba ya manjano lenye unene wa milimita 2, na uzito wake ni kama gramu 21. Nyingine ni ya shaba hiyohiyo, ila bamba lake ni la nusu milimita. Hiyo haizidi gramu 5 na ushei. Anayekutazama ukumbini hawezi kuzitofautisha. Sikio linazitofautisha kabla hata chakula hakijapakuliwa.

Ncha ya sikio haina gegedu kama sehemu ya juu. Ni ngozi, mafuta na nyuzinyuzi laini tu. Hereni ikining'inia, uzito wote unatua kwenye ukingo wa chini wa tundu, mahali padogo kuliko punje ya mchele. Waya ukiwa mwembamba, uzito uleule unabana eneo dogo zaidi, na ndiyo maana ndoano nyembamba yenye mzigo mzito inakata nyama haraka kuliko kijiti kinene. Umri nao unachangia, kwa kuwa ngozi hupoteza unyumbufu wake. Mvutano wa ghafla ni hatari zaidi: mtandio ulionasa, mtoto aliyeshika na kuvuta, au kulala na hereni masikioni.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye kioo. Vua hereni, tazama tundu. Likiwa nukta ya duara, bado salama. Likiwa mstari unaoelekea chini, limeanza kupasuka taratibu. Dalili nyingine ni hereni ndogo ya kubana, ambayo zamani ilitazama mbele, sasa inainama na kutazama sakafu. Hapo usisubiri, punguza uzito mara moja. Wapo wauzaji wa krimu za kurudisha tundu, lakini krimu haiungi nyama iliyokwisha kuachana. Tundu lililochanika hadi chini hushonwa na daktari kwa ganzi ya pale pale. Kwa mwenye historia ya makovu yanayovimba, ambayo ni mengi kwetu wenye ngozi nyeusi, lazima amwambie daktari kabla ya sindano kuingia.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe uzito. Hereni ya kuvaa kutwa, mimi naiwekea mpaka wa gramu 5 kwa sikio moja. Kuanzia hapo hadi gramu 10 ni ya saa chache za sherehe, kisha inavuliwa. Sonara yeyote ana mizani ndogo, mwombe akupimie moja. Ukipenda umbo kubwa, badili malighafi: lile duara la gramu 21, likichongwa kwa unene uleule kwa pembe ya ng'ombe, linakuwa na gramu 3 hivi, na kwa mbao nyepesi halifiki 2. Alumini ni karibu gramu 7. Kwa dhahabu, uliza kama ni tupu ndani au imejaa, maana dhahabu ni nzito kuliko shaba maradufu.

Halafu geuza hereni utazame nyuma. Kile kizibo kidogo cha chuma chenye mabawa mawili kinazuia hereni isidondoke, basi. Hakiwezi kuizuia isiinamie mbele, na kinapoinama kinaingia ndani ya tundu lililolegea. Kibadilishe kwa kizibo chenye sahani pana ya plastiki au chuma, kama sentimita 1. Sahani hiyo inaegemea nyama ya nyuma ya sikio, hereni inasimama wima, na uzito unagawanyika. Isukume hadi iguse ngozi, isibane: ukivua ukakuta alama ya shimo au maumivu, ilikuwa imekaza mno. Kipo pia kizibo cha skrubu, kizuri kwa dhahabu ya thamani kwa sababu hakifunguki ovyo, lakini kama sahani yake ni ndogo, hakisaidii kubeba mzigo.

Sahani hiyo inafaa hereni za kijiti tu. Kwenye ndoano, kile kimpira cha nyuma kinazuia kupotea na si zaidi. Bibi harusi anayetaka jhumka kubwa za Kihindi, zinazovaliwa sana Zanzibar na Mombasa, anunue zile zenye mnyororo unaopita juu ya sikio na kubanwa kwenye nywele. Mnyororo uwe mfupi kiasi cha kunyooka. Ukilegea ni pambo tupu, na sikio linabeba yote. Kuna pia vibandiko vyepesi vya uwazi vinavyowekwa nyuma ya sikio ili kijiti kipite ndani yake. Vinasaidia jioni moja, ila jasho likizidi vinabanduka.

Binti aliyetobolewa masikio karibuni akae na hereni ndogo za kijiti mpaka tundu lipone, wiki 6 hadi 8 kwa kawaida. Na wewe ambaye tundu lako tayari ni mstari, usimruhusu mtu atoboe jipya chini yake; nyama iliyobaki hapo ni nyembamba mno kubeba chochote.