Goti moja, picha tatu

Jirani yangu ni mama anayefanya biashara ya mchele kwenye mpaka wa Kobero. Miezi miwili iliyopita aliteleza akiwa na mzigo kichwani, goti likapinda na kuvimba. Akapigwa eksirei, akaambiwa mfupa ni mzima. Lakini kutembea hawezi. Mwanawe, ambaye namfundisha sekondari, akaniuliza: “Mwalimu, ina maana mashine imekosea?”

Haikukosea. Iliulizwa habari za mfupa, ikajibu za mfupa.

Nilipokuwa nasoma uhamishoni Kigoma, mwalimu wetu alitufundisha kivuli kwa kibatari na kiganja. Eksirei nayo ni kivuli, ila mionzi yake haionekani na hupenya nyama. Mfupa una kalisi nyingi, huizuia zaidi, kwa hiyo hutokea mweupe kwenye picha. Misuli, kano na maji huizuia karibu sawasawa, vyote vikatokea kijivu. Ndiyo maana kano iliyokatika haijitokezi.

Altrasaundi ni mwangwi. Kifaa hutuma sauti ambayo sikio letu haliwezi kuisikia, kisha husubiri irudi. Mwilini sauti huenda kama mita 1,540 kwa sekunde. Ikirudi baada ya sekunde 0.00004, imesafiri sentimita 6 hivi, kwenda na kurudi. Basi kilichoirudisha kiko sentimita 3 chini ya ngozi. Kompyuta hurudia hesabu hiyo mara nyingi na kuchora picha. Jeli inayopakwa ni ya kuondoa hewa, maana hewa huzuia sauti kuingia. Mfupa nao huizuia. Kwa mama huyu altrasaundi ilionyesha maji gotini, lakini kano za katikati zimefichwa na mifupa.

Ikabaki MRI, ambayo familia ilichanga fedha ili aifuate mbali. Hii hutumia maji na mafuta ya mwili wenyewe. Vyote vina haidrojeni, na kiini cha haidrojeni ni kama kisumaku kidogo. Ndani ya sumaku kubwa, idadi kubwa kidogo ya viini huelekea upande mmoja. Mawimbi ya redio huviyumbisha. Yakikatwa, viini hurudi mahali pake vikitoa ishara hafifu. Vya mafuta hurudi upesi, vya maji polepole. Tofauti hiyo ndiyo inayochora picha, na humo kano ya mbele ikaonekana imekatika.

Sumaku ile huwa inafanya kazi hata mashine ikiwa haipigi picha, na huvuta chuma kwa nguvu. Wengi wetu tuliorudi tunabeba vipande vya risasi au bomu mwilini. Mwambie mhudumu kabla ya kuingia chumbani. Hapo eksirei ile ya bei nafuu hurudi kazini: ndiyo huonyesha kipande kilipo.