Kuongeza hisa bei inapopanda

Mlanguzi wa Marekani, Jesse Livermore, alikuwa na desturi ya kuongeza pale tu alipokuwa anapata faida. Ugumu uko kwenye kiasi cha kuongeza.

Tuseme umenunua hisa 100 kwa dola 50 kila moja, ukaweka stop losi, yaani agizo la kuuza bei ikishuka, kwenye 46. Ukikosea, unapoteza dola 400. Bei ikifika 55, unaongeza hisa 50 tu na kupandisha stop losi hadi 52. Wastani wako wa kununulia sasa ni kama dola 51.67, kwa hiyo hata ukitolewa hapo hupati hasara. Ikifika 60, unaongeza 25 na kuisogeza hadi 57. Bei ikirudi hapo, hisa zote 175 zinauzwa na unabaki na faida ya dola 725, kabla ya ada za dalali.

Sasa geuza mpango: anza na 25, kisha 50, halafu 100 kule juu, kama wafanyavyo wengi wakishanogewa. Hisa ni zilezile 175, lakini wastani umepanda hadi dola 57.14. Kwenye 57 una hasara ya dola 25.

Bei ikipanda na kushuka papo kwa papo, mbinu hii itakutoa mapema kila mara. Tena soko likifunguka asubuhi kwenye 51, stop losi ya 57 itauza kwa bei iliyopo, si 57.