44 ya China, 44 ya Italia

Anayeagiza viatu China kwa simu hukutana mapema na ushauri mmoja: ongeza namba moja, viatu vya Wachina ni vidogo. Wauzaji wa Kariakoo wanausema, mawakala wa mizigo wanausema, na wateja walioumia vidole wanauapia. Ushauri huo una ukweli nusu. Mwenye mguu mkubwa unamwokoa, ila mwenye mguu mdogo akiufuata atapokea kiatu kinachopwaya hadi kisigino kichomoke kila anapopiga hatua. Kwa kuwa kurudisha mzigo Guangzhou hugharimu karibu sawa na kiatu chenyewe, inafaa kuelewa ushauri huo unafanya kazi wapi na unaishia wapi.

Tuanze na namba za Ulaya, zile 38, 42 na 44 ambazo wengi wetu tumezizoea. Namba hizo hazipimi mguu. Zinapima kalibu, yaani lile umbo la mbao au plastiki lenye sura ya mguu ambalo fundi hulivisha ngozi na kushonea kiatu juu yake. Kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Kiatu namba 44 kwa hiyo kimejengwa juu ya kalibu yenye urefu wa sentimita 29.3 hivi. Mguu wenyewe lazima uwe mfupi kuliko hapo, maana vidole vinahitaji nafasi ya kusogea mtu anapotembea, na nafasi hiyo kwa kawaida ni sentimita moja na nusu hadi mbili. Ndiyo maana 44 ya Italia au Ureno humkaa vizuri mtu mwenye mguu wa sentimita 27.3 hadi 27.8.

China ilichukua njia nyingine. Kiwango cha taifa cha mwaka 1998 kilitaka kiatu kiandikwe urefu wa mguu wa mvaaji kwa milimita: 250, 255, 260, kuendelea. Hata hivyo, namba za zamani za tarakimu mbili hazikufa. Zimebaki midomoni mwa watu na kwenye kurasa za wauzaji, na zina hesabu yake nyepesi: chukua urefu wa mguu kwa sentimita, zidisha mara mbili, toa kumi. Mguu wa sentimita 25 ni namba 40. Mguu wa sentimita 27 ni namba 44. Kutoka namba moja hadi nyingine ni milimita 5 kamili.

Tatizo liko hapo. Namba za Ulaya zinapanda kwa milimita 6.7 na za China kwa milimita 5, na zote zinaandikwa kwa tarakimu zilezile. Katikati, kuanzia 39 hadi 42, mifumo miwili inakaribiana kiasi kwamba mnunuzi hagundui tofauti. Ukipanda juu ya hapo, kiatu cha China kinaachwa nyuma kidogo kidogo, na kufika 46 upungufu unakaribia sentimita nzima au hata kuipita. Ukishuka chini ya 39 mambo yanageuka: kiatu cha China ndicho kinakuwa kirefu.

Chukulia mume na mke wa Mwanza wanaoagiza pamoja ili kupunguza nauli ya mzigo. Mume mguu wake ni sentimita 27.4 na siku zote huvaa 44 ya Ulaya. Kwa hesabu ya China, 44 ni ya mguu wa sentimita 27, kwa hiyo kitambana. Akipandisha kipimo chake hadi nusu sentimita iliyo juu, yaani 27.5, akazidisha kwa mbili na kutoa kumi, anapata 45. Kwake ushauri wa kuongeza namba moja umekuwa sahihi kabisa. Mke naye ana mguu wa sentimita 22.4 na huvaa 36. Hesabu ileile inampa 22.5, mara mbili ni 45, toa kumi, 35. Akisikiliza ushauri wa mtaani ataagiza 37, ambayo ni ya mguu wa sentimita 23.5. Hiyo ni zaidi ya sentimita moja kupita mguu wake, juu ya nafasi ya vidole ambayo kiwanda kilishaiweka. Skuna ya namna hiyo haivaliki hata kwa pamba.

Je, mnunuzi atajuaje muuzaji anatumia 44 ipi? Viwanda vya China huuza pia Ulaya, na vingine hutumia kalibu za Ulaya moja kwa moja. Jibu liko kwenye jedwali la vipimo ambalo karibu kila muuzaji huliweka chini ya picha. Asiangalie mstari wa namba yake peke yake. Alinganishe mistari miwili au mitatu. Ikiwa 43 ni 26.5, 44 ni 27 na 45 ni 27.5, hatua ni milimita 5 na jedwali ni la Kichina, hata kama juu pameandikwa EU kwa herufi kubwa. Ikiwa hatua ni milimita 6 au 7, linafuata mfumo wa Ulaya.

Halafu kuna mtego wa pili kwenye jedwali hilohilo. Sentimita zilizoandikwa ni za nini? Pakiandikwa Foot Length, huo ni urefu wa mguu, na mnunuzi atafute namba iliyo sawa na mguu wake. Pakiandikwa Insole Length, huo ni urefu wa soli ya ndani, na lazima uzidi mguu. Kwa raba au kiatu cha kufunika, sentimita moja hadi moja na nusu inatosha. Kwa sandali ya wazi, nusu sentimita. Mtu akichanganya hivi viwili, hata hesabu nzuri namna gani haitamsaidia, kwa sababu kosa lake linaweza kufika namba mbili nzima au zaidi.

Wanaoagiza Uingereza au Marekani wana kisa chao. Huko namba hupanda kwa theluthi ya inchi, kipimo cha kale kilichotokana na urefu wa punje moja ya shayiri, karibu milimita 8.5. Nusu namba, mathalani kutoka 8 hadi 8.5, ni milimita 4.2 hivi. Mwingereza na Mmarekani wana hatua moja lakini wanaanza kuhesabu mahali tofauti, na Mmarekani anahesabu viatu vya wanawake kivyake tena. Namba 8 ya Marekani bila kutaja kama ni ya kike au ya kiume haimwambii mtu chochote.

Na ubadilishaji wenyewe haujakubaliwa na wote. Tazama majedwali ya raba za kiume za kampuni tatu kubwa. Nike wanasema 42 ya Ulaya ni 7.5 ya Uingereza, kwa mguu wa sentimita 26.5. Adidas wanasema 42 ni 8 ya Uingereza, kwa sentimita zilezile 26.5. Puma nao wanasema 42 ni 8, lakini kwa sentimita 27. Aliyezoea 8 ya Puma akiagiza 8 ya Adidas kwa mazoea atapoteza nusu sentimita, na hakuna aliyemdanganya. Punje na nusu punje za shayiri haziangukii sawasawa juu ya theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo kila kampuni inakadiria kwa namna yake. Adidas hawakutaka kukadiria sana, ndiyo maana viatu vyao vina namba za ajabu kama 42 2/3 na 43 1/3: hizo ni nusu namba za Kiingereza zilizotafsiriwa kwa kipimo cha Ulaya.

Hata mifumo yote ingeunganishwa kesho, viatu bado visingelingana. Kipo tayari kipimo cha kimataifa, ISO 9407, kinachotumia urefu na upana wa mguu kwa milimita, na hakuna sheria inayowalazimisha wauzaji wa kawaida kukifuata. Zaidi ya hapo, kalibu ni siri na sifa ya kila kiwanda. Mbunifu mmoja anaacha nafasi ya sentimita moja mbele ya vidole, mwingine mbili. Kiatu chenye pua iliyochongoka huongezewa urefu mtupu ambao kidole hakifiki. Raba yenye sponji nene hula nafasi kwa ndani. Ngozi laini hulegea baada ya wiki chache, plastiki hailegei kamwe. Converse wenyewe huwaambia wateja wa Chuck Taylor wapunguze nusu namba. Ni kampuni ileile, namba ileile, lakini kalibu ni nyingine.

Upana nao husahaulika. Miguu mingi inayolalamikiwa kuwa mirefu kwa kweli ni mipana, na mwenye nayo akiongeza namba anapata urefu asiouhitaji huku ubavu ukiendelea kubanwa. Kwa viatu vya Marekani, D ndiyo upana wa kawaida wa kiume na B wa kike. 2E na 4E ni kwa mguu mpana. Kwenye lebo ya China, namba ndogo inayofuata milimita, kama 270 (2.5), ndiyo inayotaja upana.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye karatasi na rula. Mguu upimwe jioni, wakati umeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na mtu awe amesimama, uzito wote ukiwa juu yake. Aliyekaa hupata kipimo kifupi. Karatasi iwekwe sakafuni hadi ukutani, kisigino kiguse ukuta, kisha kalamu iliyosimama wima iweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Kwa baadhi ya watu kidole hicho ni cha pili, wala si gumba. Soksi zivaliwe kama kiatu ni cha soksi. Mguu wa pili upimwe pia, kwa sababu miwili hailingani, na hesabu ifuate ule mrefu.

Kabla ya kulipa, yule mume wa Mwanza anaweza kumwandikia muuzaji swali moja: soli ya ndani ya namba 45 ina urefu wa sentimita ngapi? Aombe na picha ya rula au tepu ikiwa ndani ya kiatu. Akijibiwa 28.5, mguu wake wa 27.4 umepata sentimita moja na ushee ya kupumua, na anaweza kulipa. Akijibiwa 27.5, aulize tena kama huo ni urefu wa mguu au wa soli. Muuzaji akishikilia kuwa ni wa soli, 45 hiyo imebakiza milimita moja tu mbele ya kidole, na haimfai. Aombe kipimo cha 47.