Igeuze Nguo Upande wa Ndani

Seti ya Kihindi inapotundikwa mlangoni pa duka, macho ya mteja huenda moja kwa moja kwenye zari na puleki za kifuani. Mwenye duka analijua hilo, ndiyo maana taa huelekezwa hapo. Lakini anayetaka kujua kama nguo itamkaa vizuri harusi nzima, na aigeuze upande wa ndani. Huko ndiko mkato unakoonekana, na mkato ndio unaoamua nguo itabeba darizi ya uzito gani, na mtandio utavaliwaje.

Tuanze na kurta, maana haitushindi kuielewa. Aliyewahi kuona fundi akikata kanzu ameshaiona kurta ya zamani: badani ya mbele na ya nyuma, taharizi ubavuni, na kikwapa chini ya mkono. Vipande vyote ni vya mistari iliyonyooka, kwa hiyo kitambaa hakipotei. Taharizi, ambazo mafundi wa India huziita kali, hupanuka kuelekea chini na kumpa mvaaji nafasi ya hatua. Kikwapa humwezesha kuinua mkono bila nguo nzima kupanda naye.

Kamizi, ile kurta ya kike inayobana kiunoni, imeacha sehemu hizo na kuweka mishono ya kubana pamoja na mpasuo mrefu kila ubavu. Mpasuo huo ndipo kamizi nyingi za bei rahisi zinapokosea. Unatakiwa uanze juu kidogo ya sehemu pana ya nyonga. Ukianzia chini ya hapo, kitambaa hujivuta mvaaji anapoketi, na baada ya muda mshono hufumuka palepale mpasuo unapoanzia. Kabla ya kulipa, vaa, kisha kaa kitini. Kusimama mbele ya kioo peke yake hakukuambii kitu.

Anarkali ni jambo jingine. Hubana kifuani, halafu kuanzia hapo hufunguka kwa kali nyingi hadi miguuni. Imepewa jina la mwanamke wa simulizi za jumba la mfalme Akbar, na filamu ya Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 ndiyo iliyomfanya ajulikane kila mahali.

Chini ya kamizi huvaliwa salwari. Ile ya kawaida ni pana kiunoni, hukusanywa kwa kamba, kisha hupungua hadi kifundo cha mguu, ambako pindo hutiwa kitambaa kigumu ndani ili lisimame. Patiala, iliyochukua jina la mji wa Patiala katika Punjab ya India, ina marinda mengi yanayoshuka kutoka kwenye mkanda mpana wa nyonga. Inakula kitambaa kingi kupita salwari ya kawaida, kwa hiyo hufaa pamba laini. Ukiishona kwa kitambaa kigumu itasimama kama mwavuli, na aliye ndani yake ataonekana mfupi kuliko alivyo.

Churidari ndiyo inayopima ufundi. Ni suruali ya kubana iliyokatwa ndefu kuliko mguu, ili ile ziada ijikusanye kifundoni kama safu ya bangili. Siri yake ni kukatwa kwa mshazari. Kitambaa cha pamba kisicho na lastiki hakivutiki kufuata uzi wake ulionyooka, ila kikikatwa mshazari hunyumbuka. Ndiyo sababu mguu hupita, na goti hukunjika bila kukwama. Fundi mwenye haraka huikata kwa kufuata uzi ili aokoe kitambaa, na churidari hiyo hupasuka gotini. Kuitambua ni rahisi: tazama nyuzi za kitambaa kwenye paja. Zikiwa zimelala upande, umepata. Zikiwa zimesimama wima, irudishe.

Lehenga ni sketi ndefu inayovaliwa na choli, blauzi fupi ya kubana, pamoja na mtandio. Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Tuchukue mwanamke mwenye kiuno cha sentimita 76 anayetaka sketi ya urefu wa sentimita 96.

Akitaka duara kamili, fundi hugawa 76 kwa 6.28 na kupata kama 12. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Akiongeza urefu wa sketi anapata 108, na pindo la chini litazunguka karibu mita 6.8. Kitambaa cha upana wa sentimita 112 kinatosha kukata nusu duara mbili, kila moja ikichukua kama mita 2.2 za urefu. Kwa hiyo anunue mita 4 na nusu. Sasa akitaka kali 12 badala ya duara, kila kali ikiwa na sentimita 30 chini, pindo litazunguka mita 3.6 tu. Kali nne zitaenea kwenye upana mmoja zikipangwa kichwa kwa mguu, na mita 3 zitamtosha. Kama kitambaa kina maua yanayotazama juu, kali haziwezi kugeuzwa hivyo, na mita zitaongezeka.

Duara hupendeza likizunguka, lakini lina kasoro yake. Sehemu zake nyingine hufuata uzi na nyingine huangukia mshazari, na zile za mshazari hunyooka kwa uzito wake zenyewe. Fundi mzuri huitundika sketi usiku kucha au zaidi, kitambaa kikamaliza kushuka, ndipo akata pindo. Asiyefanya hivyo hukupa lehenga ambayo wiki moja baadaye inagusa sakafu mbele na kuonyesha viatu ubavuni. Sasa bandika juu yake darizi ya waya, uone tatizo linavyokua. Kwa maoni yangu, darizi nzito ikae kwenye kali. Katikati ya kila kali uzi husimama wima, kwa hiyo haivutiki, na mishono yake mingi husaidia kubeba. Duara tuliachie jojeti, shifoni na darizi nyepesi.

Na darizi yenyewe? Ziko nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, lakini mbili za mji wa Lucknow, kaskazini mwa India, zinatosha kuonyesha pande mbili za mzani.

Chikani ni kazi ya uzi kwenye kitambaa chepesi, kwa asili mweupe juu ya melimeli nyeupe. Kwanza michoro hupigwa kwa mihuri ya mbao yenye rangi ya buluu inayotoka kwa maji. Kitambaa hupelekwa kwa wadarizi, wengi wao wanawake wa vijijini, na mara nyingi kila mmoja ana mshono wake. Bakhiya hushonwa upande wa nyuma ili uzi uonekane kama kivuli mbele. Phanda ni vifundo vidogo kama punje za mtama. Jali ni matundu ya wavu, na hapo hakuna uzi unaokatwa, sindano husukuma nyuzi za kitambaa kando na kuzifunga. Mwisho huja kufuliwa, buluu ikatoka. Mwaka 2008 India iliisajili chikani ya Lucknow kama kazi yenye asili ya mahali, ili jina lisitumiwe ovyo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kuigeuza. Nyuma ya chikani ya mkono utaona nyuzi zikivukana, vifundo, pengine alama hafifu ya buluu. Nyuma ya ile ya mashine utaona uzi mwembamba wa chini, sawasawa mwanzo hadi mwisho, na mara nyingine karatasi ngumu inayokwaruza ngozi. Ya mashine si dhambi. Dhambi ni kuiuza kwa bei ya mkono.

Zardozi ni upande wa pili wa mzani. Kitambaa huvutwa kwenye fremu ya mbao, wadarizi wakaketi kukizunguka. Waya uliosokotwa kama springi hukatwa vipande vidogo na kushonwa kimoja kimoja, na zari hulazwa juu ya kitambaa na kufungwa kwa uzi mwembamba. Kwa hiyo waya hukaa juu tu, na nyuma huonekana uzi wa kufungia peke yake. Zamani ilikuwa fedha iliyopakwa dhahabu. Siku hizi nyingi ni shaba au plastiki inayong'aa. Kazi hii inataka mahameli, atlasi au hariri nzito. Kwenye jojeti lazima itiwe bitana, la sivyo maua yatakivuta kitambaa na kukikunja.

Sasa mtandio, ambao kwao huitwa dupata. Kwa kawaida una urefu wa kama mita 2 na nusu na upana wa karibu mita moja. Mtandio mwepesi wa shifoni huwekwa mbele ya shingo, ncha zote mbili zikaning'inia mgongoni, na hauhitaji pini hata moja. Wa pamba huning'inizwa bega moja, au hufunika kichwa. Wanawake wa Kisingasinga hufunika hivyo wanapoingia gurudwara, kule Amritsar na hata pale Makindu, Kenya. Phulkari ya Punjab, iliyojazwa maua ya hariri kwa kuhesabu nyuzi upande wa nyuma, hutandazwa mabegani wazi, kwani ukiikunja umeificha.

Wenye lehenga wana mtindo wa Kigujarati, ambao wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa huuona wakati wa Navratri, wacheza garba wanapozunguka. Ncha moja huchomekwa kiunoni upande wa kushoto. Mtandio hupitishwa mgongoni, ukashukia mbele juu ya bega la kulia, ukatandazwa kifuani, na pembe yake ikachomekwa tena kiunoni kushoto. Darizi yote ya pindo hukaa mbele, na mikono hubaki huru kwa fimbo za dandia.

Mtandio wa zardozi hauwezi kutupwa tu begani. Utateleza, na ukipigwa pini vibaya utaivuta choli nyuma mpaka shingo ikukabe. Ukunje marinda ya upana wa kiganja, uyaweke begani, kisha pini ipite kwenye mshono wa bega la choli pamoja na bitana yake. Chini ya pini weka kipande kidogo cha kitambaa ili nyavu isichanike. Bibi harusi mara nyingi huvaa mitandio miwili, mzito begani na mwepesi kichwani, kwa sababu shingo haiwezi kubeba wa kwanza mchana kutwa.

Mambo mawili ya mwisho kwa anayekwenda kushonesha. Nenda kwa fundi na viatu utakavyovaa siku hiyo, maana urefu wa lehenga hupimwa ukiwa umevivaa. Na marashi jipake mwilini, yakauke, ndipo uvae: zari ikipata marashi na jasho huwa nyeusi, na hakuna dobi atakayeirudisha.