Fahamu: Kwa nini sumaku iliyovunjika huwa sumaku mbili

Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu wa Magongo, sumaku ya spika mbovu inatosha kutenganisha chuma na shaba. Kila elektroni ni sumaku ndogo mno. Katika shaba nguvu za sumaku hizo karibu zote hufutana. Katika chuma, baadhi ya nguvu hizo hubaki, na atomu jirani huelekea upande mmoja zikaunda makundi yaitwayo vikoa. Msumari wa kawaida hauvuti kwa kuwa kila kikoa kimeelekea kwake. Sumaku ikisogezwa, vikoa vinavyoifuata hupanuka, na sehemu ya msumari iliyo karibu huwa ncha ya kinyume. Ndiyo maana kaskazini na kusini zote huuvuta.

Sumaku ya spika, pete nyeusi ya feraiti, huvunjika kama kigae. Kila kipande hubaki na uso wa kaskazini na wa kusini, maana mpangilio uleule umo kote ndani yake. Ajabu ni kwamba vipande hivyo hukataa kurudishwa mahali pake: ncha za aina moja zimelala ubavu kwa ubavu, nazo husukumana. Sumaku ya mche iliyokatwa katikati kwa upana, kinyume chake, hushikana tena. Hata elektroni moja ina ncha mbili. Ncha iliyo peke yake haijathibitishwa kupatikana popote.